Kwa Nini Video Hupiga Chenga Kabla ya Kukwama

Kila anayetazama mpira kwenye simu analijua hili. Timu inapanda kushambulia, picha ni safi kiasi cha kusoma namba mgongoni mwa mchezaji, halafu ghafla uso wa mshambuliaji unageuka chenga tupu. Lawama zote huenda kwa mtandao. Ni kweli kasi ya mtandao imeshuka, lakini chenga zile zimechaguliwa na programu ya video iliyomo ndani ya simu yenyewe. Imepiga hesabu ikaona heri uone bao lenye ukungu kuliko kukodolea macho kiduara kinachozunguka huku majirani wakishangilia.

Hesabu hiyo hufanyika upya kila baada ya sekunde chache, tangu video inapoanza mpaka inapokwisha. Ukiielewa, utajua lini usubiri, lini ubadilishe ubora mwenyewe, na kwa nini bando huisha haraka siku mtandao unapokuwa mzuri.

Tuanze na jinsi video inavyotayarishwa. Video unayoitazama haiji kama faili moja refu. Hukatwa vipande vifupi, aghalabu vya sekunde 2 hadi 10, na kila kipande huandaliwa katika matoleo kadhaa, kuanzia jepesi lenye picha hafifu hadi zito lenye picha safi. Kampuni ya Apple ilitoa utaratibu wake wa namna hii, uitwao HLS, mwaka 2009. Mwaka 2012 kikachapishwa kiwango cha kimataifa kinachoitwa DASH. Katika taratibu zote mbili, seva huweka vipande pamoja na orodha inayoeleza kila toleo linahitaji kasi gani. Simu husoma orodha hiyo, kisha huomba kipande kimoja baada ya kingine, kama inavyoomba ukurasa wowote wa tovuti. Kwa kuwa simu ndiyo inayoomba, yenyewe ndiyo inayoamua kipande kinachofuata kiwe cha ubora gani.

Inaamua kwa kutazama mambo mawili. La kwanza ni kasi iliyoipima: kipande kilichopita kilikuwa na ukubwa gani, na kilichukua muda gani kufika. La pili ni akiba, yaani sekunde za video zilizokwisha kupakuliwa lakini hazijachezwa. Akiba hufanya kazi kama tenki la maji nyumbani. Maji ya bomba huja kwa nguvu, mara hupungua, mara hukatika, lakini jikoni matumizi hayasimami. Maadamu tenki lina maji, wa jikoni hajui kama bomba limekauka. Na video, inapocheza, hutumia sekunde moja ya akiba kila sekunde moja inayopita.

Tuchukue mfano wa abiria aliye ndani ya basi akitazama filamu. Filamu ina matoleo manne: la kilobiti 400 kwa sekunde, la 800, la 1,500 na la 3,000. Kila kipande ni cha sekunde 4. Simu huanza kwa tahadhari na kuomba kipande chepesi kabisa, ili picha itokee upesi. Kinafika kwa chini ya nusu sekunde, na simu inapima kasi ya kilobiti 4,000 kwa sekunde. Haiitumii yote. Inatoa hesabu ya tahadhari, tuseme inahesabia asilimia 80 tu, yaani 3,200. Kwa hiyo inapanda hadi toleo la 3,000. Sasa kila kipande cha sekunde 4 kinafika kwa sekunde 3, na akiba inaongezeka sekunde moja kwa kila kipande. Baada ya muda akiba inafika sekunde 24.

Basi linaingia bondeni, kasi inaanguka hadi kilobiti 1,000. Simu bado haijui. Imekwisha kuomba kipande kizito, na kipande hicho ambacho kingefika kwa sekunde 3 sasa kinachukua sekunde 12. Akiba inashuka kutoka 24 hadi 12, kisha kipande kinapofika inaongezeka 4 na kuwa 16. Abiria hajaona chochote, picha ingali safi. Simu sasa inachukua wastani wa vipimo vitatu vya mwisho, yaani 4,000, 4,000 na 1,000. Wastani ni 3,000, na ukitoa tahadhari unabaki 2,400, kwa hiyo inachagua toleo la 1,500. Hata hilo ni zito kwa bonde lile, linachukua sekunde 6, na akiba inakuwa 14. Kipimo kingine kinaleta uamuzi uleule, akiba inakuwa 12. Ni katika kipimo cha tatu ndipo wastani unaposema ukweli: kasi ni 1,000, ya kutumia ni 800. Simu inateremka hadi toleo la 800, kila kipande kinafika kwa sekunde zaidi kidogo ya 3, na akiba inaanza kupanda tena.

Filamu haikukwama hata mara moja. Kilichomwokoa abiria ni zile sekunde 24 alizokuwa nazo alipoingia bondeni. Angekuwa na sekunde 5 tu, kipande kile cha sekunde 12 kingemwacha akitazama kiduara kwa sekunde 7. Programu nyingine hujihami zaidi kwa kukikatisha kipande kizito kikiwa njiani na kuomba chepesi badala yake, ila kilichokwisha kupakuliwa hapo huwa kimepotea, na bando lake pia.

Mfano huo unaeleza jambo jingine linalowachanganya watu. Basi likitoka bondeni na mtandao kurudi, chenga haziondoki papo hapo. Vipande hafifu vilivyokwisha kuwekwa akibani kwa kawaida huchezwa kwanza, kwa sababu vimekwisha kulipiwa. Picha unayoiona sasa inaeleza hali ya mtandao ya sekunde kadhaa zilizopita.

Mpira wa moja kwa moja ni mgumu zaidi, na sababu yake haina dawa kamili. Filamu imekwisha tengenezwa yote, kwa hiyo simu inaweza kupakua dakika nzima ya mbele. Dakika inayofuata ya mechi bado haijachezwa, hivyo hakuna cha kuweka akiba. Mtangazaji anayetaka uone bao sekunde chache tu baada ya kufungwa anakuachia akiba ya sekunde hizohizo chache. Akitaka usikwame, lazima akucheleweshe. Ndiyo maana jirani mwenye dishi hushangilia kabla yako: kuchelewa huko kwa kiasi kikubwa ndiko kunakokupa akiba.

Sasa tuje kwenye kasoro ya kuitegemea kasi peke yake. Akiba ikijaa hadi kikomo, simu huacha kupakua kwa sekunde kadhaa, kisha huomba kipande kimoja, kisha hunyamaza tena. Sheria zinazoongoza usafirishaji wa data kwenye intaneti humfanya anayetuma aanze polepole baada ya ukimya kama huo, kisha aongeze mwendo kidogo kidogo. Ikiwa ndani ya nyumba kuna mtu mwingine anayepakua faili kubwa kwa waifai hiyohiyo, wakati wa ukimya faili hilo hutwaa njia yote. Kipande cha video kinaporudi kinakuta njia imejaa, na kinamalizika kabla hakijapata mwendo wake wa haki. Simu inapima kasi ndogo, inateremka daraja. Kipande cha daraja la chini ni kidogo zaidi, kinamalizika upesi zaidi, na kipimo kinazidi kuwa kidogo. Te-Yuan Huang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliuonyesha mporomoko huu mwaka 2012, walipochunguza huduma maarufu za video: video iliyostahili picha nzuri ilikuwa ikiishia kwenye picha hafifu huku akiba yake ikiwa imejaa.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyobeba suluhisho. Kama akiba imejaa, hofu ya nini? Mwaka 2014 Huang na wenzake, pamoja na wahandisi wa Netflix, walichapisha njia iliyogeuza mambo: akiba ndiyo iamue. Akiba ikiwa chini ya kiwango fulani cha usalama, chukua toleo jepesi kabisa bila kujadili. Ikipanda juu ya kiwango hicho, panda daraja kwa kadiri inavyoongezeka. Ikikaribia kujaa, chukua toleo bora kuliko yote. Njia hii haina haja ya kukisia kasi, kwa kuwa akiba yenyewe ni jumla ya yote yaliyotokea: ikipanda, mtandao unatosha kwa toleo hilo, na ikishuka, hautoshi. Walipoijaribu kwa watazamaji halisi wa Netflix, kukwama kwa video kulipungua kwa asilimia 10 hadi 20 kulinganisha na njia iliyokuwa ikitumika wakati huo, na wastani wa ubora wa picha haukuporomoka.

Njia hiyo nayo ina mahali inapogota. Video inapoanza, akiba ni sifuri, na sifuri haikwambii chochote kuhusu mtandao. Hapo kasi iliyopimwa ndiyo kiongozi pekee. Kwa hiyo programu nyingi hutumia vyote viwili: kasi mwanzoni na akiba ikiwa ndogo, kisha akiba inapokuwa ya kutosha.

Haya yote unaweza kuyaona mwenyewe. Katika YouTube kwenye kompyuta, bofya video kwa kitufe cha kulia cha kipanya uchague "Stats for nerds". Mstari wa "Connection Speed" ni kasi, na wa "Buffer Health" ni akiba kwa sekunde. Picha ikiwa na chenga huku akiba ikipanda, subiri tu, ubora utarudi wenyewe. Akiba ikiteremka kuelekea sifuri wakati tayari uko kwenye toleo la chini kabisa, hakuna hesabu itakayokuokoa: sogea mahali penye mtandao, au simamisha kwanza ile faili inayopakuliwa chumba cha pili.

Ukichagua ubora kwa mkono, ukang'ang'ania 720p, umeinyima simu ruhusa ya kuteremka, na bondeni utakwama. Lakini ukiiachia ijiamulie yote, fahamu kwamba haijui bei ya bando lako. Mtandao ukiwa mzuri itapanda. Kwa matoleo ya mfano wetu, dakika 90 za kilobiti 3,000 kwa sekunde ni takriban gigabaiti 2, na dakika hizohizo kwa kilobiti 400 ni megabaiti 270. Mwenye bando dogo aweke kikomo cha ubora yeye mwenyewe katika mipangilio kabla mechi haijaanza. Mwenye bando la kutosha aiache simu ifanye kazi yake, na chenga zikitokea azivumilie sekunde chache kabla ya kugusa chochote.