Mlaghai Haibi Nywila, Anakuomba Umpe

Jumamosi ya Machi 19, 2016, barua pepe iliingia kwenye akaunti ya Gmail ya John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya urais ya Hillary Clinton nchini Marekani. Kichwa chake kilimwarifu kwamba kuna mtu ameipata nywila yake. Ndani ilieleza kuwa mtu aliyeko Ukraine amejaribu kuingia kwenye akaunti hiyo, kwamba Google imemzuia, na kwamba mwenyewe anapaswa kubadilisha nywila mara moja. Tarehe ilitajwa, saa ikatajwa, hata anwani ya mtandao ya huyo mvamizi ikawekwa. Chini yake kulikuwa na mahali pa kubonyeza ili kubadilisha nywila, kisha salamu za timu ya Gmail.

Barua haikutoka Google. Hati ya mashtaka iliyotolewa na Wizara ya Sheria ya Marekani Julai 2018 inadai ilitumwa na maofisa wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi, na kwamba kufikia Machi 21 walikuwa wameshakomba barua pepe zaidi ya 50,000 za Podesta. Urusi ilikana kuhusika. Oktoba 7 mwaka huo mtandao wa WikiLeaks ukaanza kuzimwaga hadharani, ikiwa imebaki mwezi mmoja tu Wamarekani wapige kura.

Katika mkasa huu hakuna aliyevunja mitambo ya Google wala kubahatisha nywila. Mwenye akaunti aliombwa nywila, ikatolewa. Huo ndio wizi wa hadaa, ambao mafundi wa kompyuta huuita fishingi: mtu anajifanya taasisi unayoiamini, anakutumia ujumbe unaokusukuma kwenye ukurasa wa bandia, na wewe mwenyewe unaandika siri zako humo ukidhani uko mahali salama.

Wizi huu ni ndugu wa utapeli tuliouzoea wa "ile hela tuma kwenye namba hii", lakini si kitu kimoja. Anayekuandikia utume hela anataka hela hiyo tu. Ukigundua, hasara yako ina mwisho. Mwizi wa hadaa anataka ufunguo. Akishapata nywila ya barua pepe yako, anaweza kwenda kwenye akaunti zako nyingine, akabonyeza sehemu ya "nimesahau nywila", na viungo vya kuweka nywila mpya vikamfikia yeye. Ndiyo maana barua pepe inawindwa hata kwa mtu asiye na siri yoyote ya kisiasa.

Tuirudie barua ya Podesta tuone ilivyofanya kazi, maana karibu dalili zote za ujumbe wa aina hii zimo ndani yake.

Dalili ya kwanza ni hofu inayoambatana na haraka. Ujumbe unakupa habari mbaya, kisha papo hapo unakupa dawa yake. Akaunti imevamiwa, bonyeza hapa. Kadi ya benki itafungwa leo, thibitisha hapa. Mzigo wako umezuiwa, lipia hapa. Wakati mwingine badala ya hofu kunakuwa na tamaa: umeshinda zawadi, umepitishiwa mkopo, jina lako limo kwenye orodha ya ajira. Shabaha ni ileile, kukufanya utende kabla hujafikiri. Angalia pia ujanja wa barua ile: haikumwambia Podesta afanye jambo la kipuuzi. Kubadilisha nywila iliyovuja ni ushauri mzuri kabisa. Sumu ilikuwa katika njia aliyoonyeshwa ya kuufuata.

Hapo ndipo hata mtaalamu aliponaswa. Wasaidizi wa Podesta hawakukimbilia kubonyeza. Waliipeleka barua kwa fundi wa kompyuta wa kampeni. Fundi akajibu kuwa barua ni halali, na kwamba Podesta abadilishe nywila mara moja. Baadaye aliliambia gazeti la New York Times kwamba alikusudia kuandika kuwa si halali. Hata hivyo katika jibu lake aliweka anwani sahihi ya Google ya kubadilishia nywila. Kama ingefuatwa anwani hiyo, barua ile isingemdhuru mtu. Kilichobonyezwa ni kiungo cha barua ya awali.

Dalili ya pili, na ndiyo yenye uzito kuliko zote, ni anwani ya mahali unakopelekwa. Kiungo cha Podesta kilifupishwa kwa huduma ya Bitly, ile inayogeuza anwani ndefu kuwa herufi chache, hivyo kwa macho hakikuonyesha kinaelekea wapi. Kilipofunguka, kilipeleka kwenye ukurasa ambao anwani yake ilianza hivi:

```
myaccount.google.com-securitysettingpage.tk
```

Jicho la haraka linaona "google.com" na kuridhika. Lakini anwani ya tovuti haisomwi hivyo. Mwenye tovuti hujulikana kwa vipande vya mwisho, vile vilivyo kabla ya mkwaju wa kwanza unaosimama peke yake, ukiacha ile miwili ya mwanzoni baada ya `https:`. Vipande hutengwa na nukta, si na kistari. Sasa hesabu kutoka mwisho. Kipande cha mwisho ni `tk`, alama ya visiwa vya Tokelau katika Bahari ya Pasifiki, ambayo kwa miaka mingi ilitolewa bure kwa yeyote aliyejiandikisha. Kabla yake ni `com-securitysettingpage`, neno moja refu lililounganishwa kwa kistari. Kwa hiyo tovuti ile ilikuwa ya mtu aliyesajili `com-securitysettingpage.tk`. Maneno "myaccount" na "google" yaliyotangulia ni mapambo tu. Mwenye tovuti yoyote anaweza kuweka mbele ya jina lake neno lolote analotaka, na haombi ruhusa kwa mtu.

Kwetu ongeza kipande kimoja katika hesabu, kwa sababu anwani zetu nyingi huishia na vipande viwili vya usajili, kama `go.tz`, `co.tz`, `go.ke` au `co.ke`. Anwani ya Mamlaka ya Mapato Tanzania ni `tra.go.tz`, na vipande hivyo vitatu ndivyo vinavyopaswa kuwa vya mwisho. Ukikuta `tra.go.tz.example.com`, mwenye tovuti hiyo ni `example.com`, hata kama ukurasa una nembo na rangi zote za mamlaka. Kwenye simu, shikilia kidole juu ya kiungo bila kukiachia. Mara nyingi anwani kamili itatokea. Kwenye kompyuta, weka kishale juu yake bila kubofya.

Dalili ya tatu ni kile unachoombwa. Benki au kampuni ya simu haina haja ya kukuuliza namba yako ya siri, kwani mitambo yake inaweza kuihakiki bila mfanyakazi yeyote kuijua. Vivyo hivyo zile tarakimu za muda zinazotumwa kwa ujumbe mfupi unapoingia kwenye akaunti: kazi yake ni kuandikwa pale ulipoanzisha wewe. Mtu anayekupigia au kukuandikia umsomee tarakimu hizo, mara nyingi yeye ndiye anayejaribu kuingia wakati huohuo, na amekwama mlangoni akizisubiri.

Zipo pia ishara ambazo watu huziamini kupita kiasi. Makosa ya tahajia ni mojawapo. Ujumbe uliojaa makosa unastahili kutiliwa shaka, lakini ujumbe ulioandikwa kwa lugha safi haujathibitisha chochote, maana kunakili barua halisi ya benki ni kazi ya dakika chache. Jina la mtumaji nalo si ushahidi. Hati ya mashtaka inaeleza kwamba katika barua ya Podesta mwonekano wa anwani ya mtumaji ulibadilishwa ili ufanane na taarifa ya usalama ya Google. Katika simu, ujumbe wa kughushi unaweza kutokea na jina la benki na kuingia kwenye mfululizo uleule wa jumbe zake halali. Hata alama ya kufuli karibu na anwani ya tovuti inakuhakikishia tu kwamba mawasiliano yako na ukurasa huo yamefichwa yasisomwe na wapita njia. Haikuambii mwenye ukurasa ni nani, na walaghai wanaipata kufuli hiyo bila gharama.

Kuna jambo jingine lisilosemwa vya kutosha. Tunashauriwa kuweka ulinzi wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na tarakimu za muda, na ushauri huo ni wa kufuatwa. Lakini una mpaka. Ukurasa wa bandia unaweza kukuomba nywila, ukaiingiza kwenye tovuti halisi saa hiyohiyo, tovuti halisi ikakutumia tarakimu, nawe ukaziandika kwenye ule ukurasa wa bandia. Mwizi anaingia kabla muda wake haujaisha. Kinachozuia mchezo huu ni ufunguo wa usalama, kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta au kuguswa na simu, ambacho hukagua chenyewe anwani ya tovuti na kukataa kuitika isipokuwa ni ileile iliyosajiliwa nacho. Macho yako yanaweza kudanganywa na kistari kimoja, kifaa hicho hakidanganyiki hivyo. Mwaka 2018 Google ilisema kwamba tangu iwape wafanyakazi wake wote funguo hizo, haikuwa na taarifa ya akaunti hata moja ya kazi kuchukuliwa.

Kwa sisi wengine, ulinzi ulio karibu ni huu: usiingie kwa mlango ulioonyeshwa na ujumbe. Ukiambiwa akaunti ina tatizo, funga ujumbe, fungua programu ya benki au andika anwani ya tovuti mwenyewe, au piga namba iliyo nyuma ya kadi yako. Kama tatizo lipo kweli, utalikuta huko. Meneja wa nywila naye husaidia: akigoma kujaza nywila kwenye ukurasa unaodhani unaujua, usiiandike kwa mkono, kwanza soma tena anwani.

Na kama umeshateleza, usipoteze muda kwa aibu. Badilisha nywila kupitia tovuti halisi, kisha ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Kagua namba ya simu na barua pepe za kurejeshea akaunti, kwani wezi huziweka zao ili warudi baadaye. Angalia pia kama kuna agizo la kupeleka nakala za barua zako kwingine. Kama ulitoa namba ya siri ya benki au ya pesa za simu, piga huduma kwa wateja wazuie akaunti sasa hivi. Namba iliyokutumia ujumbe wa kitapeli iripoti: Tanzania kupitia 15040, na Kenya, kwa wateja wa Safaricom, kupitia 333. Kisha waambie wa nyumbani kwako ujumbe ulivyoandikwa, kwa sababu huenda na wao wametumiwa uleule.