Kitufe Kimezama Chini ya Simu: Dawa ya Kurasa Zisizoenea Kiooni

Mwenye mashua mmoja wa Lamu alinijia na lalamiko. Tovuti yake ya safari za baharini ilikuwa na picha nzuri ya machweo, maneno machache, na chini kabisa kitufe cha kijani kilichoandikwa "Weka nafasi". Wageni walikuwa wakimpigia simu kuuliza, "Mzee, sasa hapa tunawekaje nafasi?" Naye akawa ananiuliza mimi: "Fundi, hawa watu hawaoni kitufe?"

Jibu ni kwamba hawakuwa wakikiona. Kitufe kilikuwepo, lakini kilikuwa chini ya ukingo wa kioo cha simu. Kwenye kompyuta ya mezani ukurasa ulikaa sawasawa, ndiyo maana aliyeutengeneza aliridhika nao. Hitilafu hii nimeiona kwenye tovuti nyingi za hapa Pwani: za nyumba za wageni, za madrasa zinazosajili wanafunzi, hata za harambee za misikiti. Kwa kuwa wengi wetu tunaingia mtandaoni kwa simu, si kwa kompyuta, nimeona nieleze inatoka wapi na inatibiwaje.

Upau unaokuja na kuondoka

Fungua tovuti yoyote kwa simu yako. Utaona mahali palipoandikwa anwani ya tovuti. Huo ndio upau wa anwani. Katika Chrome ya simu za Android kwa kawaida unakaa juu. Katika Safari ya iPhone, tangu mwaka 2021, mara nyingi unakaa chini. Sasa telezesha kidole ukisoma kuelekea chini. Upau unajificha au unasinyaa, na ukurasa unapata nafasi zaidi. Ukirudi juu, upau nao unarudi.

Kwa hiyo kimo cha eneo unaloliona si kimoja. Kuna kimo kidogo upau ukiwepo, na kimo kikubwa upau ukiondoka. Ni kama bahari yetu inavyojaa na kupwa: ukiulizwa kina cha mlango wa bahari, lazima kwanza useme ni maji gani.

Mafundi wa tovuti wana kipimo kinachoitwa `vh`. `1vh` ni sehemu moja ya mia ya kimo cha eneo linaloonekana, na `100vh` ni kimo chote. Fundi akitaka picha ya kwanza ijaze kioo, anaandika `100vh`. Kwenye kompyuta hakuna tabu, kwa sababu upau wa kule haujifichi. Kwenye simu swali linabaki: ni kimo kipi, kile kidogo au kile kikubwa?

Waundaji wa Safari ya iPhone walichagua kile kikubwa, yaani kana kwamba upau umeshaondoka. Chrome ya Android ikafuata njia hiyo hiyo mwaka 2017, katika toleo la 56. Hawakukosea kwa kutojali. Kama `vh` ingekuwa inabadilika kila upau unapoingia na kutoka, maandishi na picha vingekuwa vinarukaruka huku mtu anasoma. Wakaona afadhali kipimo kitulie. Gharama yake ni kwamba mgeni anapofungua ukurasa, upau upo, na `100vh` inapima kioo kirefu kuliko kile alichonacho mkononi wakati huo.

Hesabu ya kitufe cha mashua

Tuchukue ukurasa wa yule mzee. Tuseme simu ya mgeni ina eneo la kimo cha pikseli 720 upau ukiwa umejificha, na upau wenyewe una kimo cha pikseli 56. Anapofungua tovuti, anachokiona kwa kweli ni 720 kutoa 56, yaani pikseli 664.

Sehemu ya kwanza ya ukurasa iliandikwa `height: 100vh`, kwa hiyo ina kimo cha 720. Kitufe kina kimo cha pikseli 48 na kimeachiwa nafasi ya pikseli 16 chini yake. Basi kinaanzia pikseli ya 656 kutoka juu na kuishia ya 704. Macho ya mgeni yanakomea 664. Anaona pikseli 8 tu za kitufe, utepe mwembamba wa kijani usio na neno hata moja. Anadhani ni pambo, anafunga, anaondoka. Atakayetelezesha kidole atakiona, lakini mtu anayeona picha imejaza kioo vizuri hana sababu ya kudhani kuna kitu chini.

Kwa miaka mingi mafundi walitibu hili kwa viraka. Kiraka kilichoenea zaidi ni programu fupi ya JavaScript inayosoma `window.innerHeight`, yaani kimo halisi cha wakati ule, kisha kukikabidhi kwa ukurasa. Kinafanya kazi, lakini hakianzi mpaka programu ipakuliwe. Mtandao ukiwa mzito, mgeni anaona ukurasa mbovu kwanza, halafu unaruka mbele ya macho yake.

Vipimo vitatu badala ya kimoja

Tangu mwaka 2022 kiraka hicho hakihitajiki. Vivinjari vikubwa vilipokea vipimo vipya vitatu: Safari katika toleo la 15.4, Firefox katika la 101, na Chrome katika la 108.

`lvh` hupima kimo kikubwa, upau ukiwa umeondoka. `svh` hupima kimo kidogo, upau ukiwa umetokeza wote. `dvh` hubadilika: upau ukiwepo ni sawa na `svh`, ukiondoka ni sawa na `lvh`. Katika simu ya mfano wetu, `100lvh` ni 720 siku zote, `100svh` ni 664 siku zote, na `100dvh` huanza na 664 kisha hupanda hadi 720.

Wengi wakisikia habari hii hukimbilia `dvh` kila mahali, kwa kuwa ndicho kipimo kinachofuata ukweli. Hapo mimi nasema polepole. Picha ya kwanza ikiwa na `100dvh`, mgeni akianza kusoma upau unaondoka, sehemu inarefuka kwa pikseli 56, na maneno yaliyo chini yake yanaweza kusukumwa huku anayasoma. Ukurasa ukiwa na sehemu tatu za namna hiyo, msukumo unaweza kufika pikseli 168. Tena kivinjari hakilazimiki kubadilisha kipimo taratibu sambamba na upau. Kinaweza kubadilisha kwa mkupuo, na ukurasa ukashtuka.

Kwa sehemu ya kwanza ya ukurasa, yenye picha na kitufe, mimi natumia `svh`. Nahodha anayeingia kwenye mlango wenye mwamba hupima kwa maji yaliyopwa. Akipita wakati huo, maji yakijaa hana wasiwasi. Kitufe kikionekana upau ukiwepo, kitaonekana pia ukiondoka. Upau ukienda, chini itachungulia sehemu inayofuata kwa pikseli 56, na hilo halina dhara. Kwa mgeni ni dalili kwamba habari inaendelea.

`dvh` naiweka pale ambapo kitu lazima kijaze kioo muda wote: orodha ya menyu inayofunika ukurasa mzima, au ukurasa wa mazungumzo ambao sanduku la kuandikia limekaa chini. Mahali hapo ukurasa wenyewe hausogei chini ya kidole, kwa hiyo hakuna maneno ya kurukaruka.

Hivi ndivyo sehemu ya kwanza ya tovuti ya mashua ilivyoandikwa upya:

```css
.karibu {
  min-height: 100vh;
  min-height: 100svh;
}
```

Mistari miwili inayofanana haikuwekwa kwa bahati mbaya. Kivinjari kipya husoma yote miwili na kuushika wa mwisho. Kivinjari cha simu kuukuu kisichojua `svh` huuruka mstari wa pili na kubaki na wa kwanza, kama kilivyozoea. Ukigeuza mpangilio, `100vh` ndiyo itakayoshinda kila mahali na dawa haitafanya kazi. Na angalia kwamba nimeandika `min-height`, si `height`. Mtu aliyekuza maandishi kwa ajili ya macho yake, au aliyelaza simu upande, atahitaji nafasi zaidi. Kwa `min-height` sehemu inarefuka, na maneno hayamwagiki nje.

Baada ya badiliko hilo, kitufe cha simu ya mfano wetu kinaanzia pikseli ya 600 na kuishia 648. Chote kinaonekana, na chini yake zimebaki pikseli 16 zilizokusudiwa.

Jambo ambalo dawa hii haitibu

Vipimo hivi vinajua habari za upau wa anwani. Kibodi inayotokeza chini unapotaka kuandika ni jambo jingine. Katika Safari na katika Chrome ya sasa, kibodi ikipanda `100dvh` haipungui. Kitufe cha "Tuma" kilichokaa chini ya fomu kinaweza kufunikwa kama zamani. Katika Chrome ya Android unaweza kuagiza ukurasa usinyae kibodi inapopanda:

```html
<meta name="viewport" content="width=device-width,
  initial-scale=1, interactive-widget=resizes-content">
```

Lakini usitegemee kwamba kila simu itatii agizo hilo. Kwa fomu, salama ni kuweka kitufe mara baada ya kisanduku cha mwisho cha kujaza, badala ya kukigandisha chini ya kioo.

Mwenye tovuti anaweza kujikagua bila kumwita fundi. Chukua simu halisi. Kile kioo cha mfano ndani ya kompyuta hakitakusaidia, kwa sababu upau wake haujifichi. Fungua tovuti yako upya na usiguse kitu. Tazama ukingo wa chini: je, kuna kitufe, namba ya simu au neno lililokatwa? Kisha telezesha kidole kidogo mpaka upau uondoke. Kama kilichokuwa kimekatwa sasa kimetokeza chote, ugonjwa ni huu nilioueleza. Fanya hivyo kwenye simu ya Android na kwenye iPhone, kwa kuwa upau wa moja unaweza kuwa juu na wa nyingine chini. Ukimpata fundi, mwambie atafute `100vh` katika faili za CSS na akuoneshe kila mahali ilipo. Kila moja iamuliwe peke yake: ya picha ya mwanzo apewe `svh`, ya menyu inayofunika kioo apewe `dvh`, na ile isiyobeba kitu cha kubonyezwa inaweza kuachwa ilivyo.