Mgonjwa wa skizofrenia akiacha dawa: tazameni kwanza usingizi wake

Watu wengi wanadanganyika hapa: mgonjwa anaacha vidonge vyake vya aloperidoli, wiki tatu zinapita, anakula vizuri, anacheka, anaenda kazini. Nyumbani wanasema amepona. Lakini dawa hii haimalizi ugonjwa, inauzuia tu. Mara nyingi ugonjwa hurudi baada ya wiki au miezi, si kesho yake.

Tuseme ni kijana wa mashini. Kwanza halali; saa nane ya usiku anatembea uani. Halafu anakula peke yake, haogi, anazima redio akisema inamtaja jina. Msingojee mpaka apige watu. Asiende tena kwenye mashini. Mleteni dispensari siku ile ile, pamoja na vidonge vilivyobaki, tuvihesabu.

Mwulizeni pia, bila ukali, kwa nini aliacha. Mara nyingi ni kwa sababu mikono ilitetemeka na mwili ukawa mgumu. Hiyo inatoka kwa dawa, si kwa uchawi, na muganga anaweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Kwa yule anayesahau vidonge kuna sindano, moja kila wiki nne.