Ukoko Ndani ya Mirija: Jinsi ya Kuupima Bila Kufungua Mtambo

Katika kiwanda cha sukari, juisi ya miwa ikitoka kwenye vinu huwa na tope, vumbi la miwa na povu la hewa. Inatiwa chokaa, kisha inapashwa moto hadi nyuzi 102 au 105 za Selsiasi ikiwa chini ya shinikizo, na kuingizwa kwenye tangi lililo wazi kwa hewa ya nje. Humo inachemka ghafla na kutema hewa yote iliyonaswa ndani yake. Mchemko huo wa sekunde chache ndio unaoiwezesha taka kuzama katika tangi la kusafishia linalofuata. Juisi ikifika haijapata moto wa kutosha kuchemka, vipande vidogo vya makapi hubaki vimeshikamana na viputo vya hewa, vinaelea badala ya kuzama, na juisi inatoka na ukungu.

Kazi hiyo ya kupasha moto inafanywa na kibadilisha joto: pipa kubwa la chuma lenye mamia ya mirija ndani yake. Juisi inapita ndani ya mirija, na mvuke unaizunguka mirija kwa nje. Mvuke unapogusa chuma chenye ubaridi kuliko wenyewe unageuka maji, na joto lake linavuka ukuta wa mrija kuingia kwenye juisi.

Tatizo ni kwamba chokaa hiyohiyo iliyotiwa ili kusafisha juisi, ikikutana na fosfati ya miwa kwenye ukuta wa moto, hujenga ukoko kama ule wa birika la maji ya chumvi. Ukoko unapitisha joto kwa shida sana. Kwa makadirio ya kawaida, chuma cha pua hupitisha joto mara kumi na tano au zaidi kuliko ukoko wa unene uleule. Kwa hiyo nusu milimita tu ya ukoko huzuia joto kama vile mrija umeongezewa karibu milimita nane za chuma.

Vikwazo vinavyojumlishwa

Joto linapotoka kwenye mvuke kwenda kwenye juisi linavuka vikwazo vitatu, hata mtambo ukiwa mpya. Cha kwanza ni utando wa maji ya mvuke yanayotiririka juu ya mirija. Cha pili ni ukuta wa mrija wenyewe. Cha tatu ni tabaka jembamba la juisi inayotembea polepole karibu na ukuta. Kila kimoja kina ukinzani wake, na kwa kuwa joto linavivuka kimoja baada ya kingine, ukinzani wa vyote unajumlishwa.

Wahandisi huuandika uwezo wa jumla wa kupitisha joto kwa herufi U: ni wati ngapi zinavuka kila mita moja ya mraba ya mirija kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Ukinzani wa jumla ni kinyume chake, yaani 1/U. Ukoko ukiota, hauondoi vikwazo vile vitatu. Unaongeza cha nne. Ndiyo maana hesabu ya uchafu ni kujumlisha tu:

1/U(chafu) = 1/U(safi) + Rf

Rf ndiyo ukinzani wa uchafu. Kuna njia mbili za kuitumia kanuni hii. Anayesanifu mtambo huanza na U safi aliyoikokotoa kutokana na kasi, unato na joto la vimiminika, anachukua Rf kwenye majedwali ya fani, kisha anapata U chafu na kuongeza eneo la mirija kulingana nayo. Anayeuendesha mtambo huenda kinyume: anapima U siku mtambo ulipotoka kuoshwa, anaipima tena leo, na tofauti ya ukinzani ndiyo uchafu wake. Njia ya pili ndiyo tutakayoifuata, maana haihitaji majedwali.

Hesabu ya mtambo mmoja

Tuchukue kipasha juisi cha mfano, chenye namba za kawaida kwa kiwanda kilicho katika bonde la joto kama Kilombero, ambako maji huchemka karibu na nyuzi 99. Eneo la mirija ni mita za mraba 130. Juisi inapita kilo 30 kwa sekunde, na kila kilo inahitaji takriban kilojuli 3.8 ili ipande nyuzi moja. Kuzidisha hizo mbili kunatupa kilowati 114 kwa kila nyuzi, yaani wati 114,000. Mvuke una nyuzi 112, na juisi inaingia ikiwa na nyuzi 70.

Kwa kuwa mvuke unaogeuka maji haubadiliki joto, kanuni inakuwa fupi:

U = (m × c / A) × ln[(Tm − T1) / (Tm − T2)]

Hapa m × c ni zile wati 114,000, A ni eneo, Tm ni joto la mvuke, T1 ni joto la juisi ikiingia na T2 ikitoka. Alama ya ln ni kitufe kilichoko kwenye kikokotoo chochote cha shule ya sekondari.

Siku ya kwanza baada ya kuoshwa, juisi inatoka na nyuzi 104. Mwanzoni mwa mirija tofauti kati ya mvuke na juisi ni nyuzi 42, mwishoni ni 8. Kugawa 42 kwa 8 ni 5.25, na ln yake ni 1.658. Tukizidisha kwa 114,000 na kugawa kwa 130, U safi inakuwa takriban 1,450.

Wiki kadhaa baadaye mtiririko ni uleule, mvuke ni uleule, lakini juisi inatoka na nyuzi 97. Tofauti ya mwishoni sasa ni 15. Kugawa 42 kwa 15 ni 2.8, ln yake 1.03, na U chafu inakuwa takriban 900.

Kinyume cha 1,450 ni 0.00069, na kinyume cha 900 ni 0.00111. Tofauti, 0.00042, ndiyo Rf kwa vipimo vya m²·K/W. Ikiwa ukoko huo una upitishaji joto wa karibu wati 1 kwa mita kwa nyuzi, unene wake ni wastani wa milimita 0.4. Hakuna boliti iliyofunguliwa kuyajua hayo.

Kwa nini kipimajoto peke yake hakitoshi

Tazama tena namba hizo. U imeshuka kwa asilimia 38. Lakini joto lililoingia kwenye juisi limeshuka kutoka kilowati 3,876 hadi 3,078, yaani asilimia 21 tu. Sababu ni kwamba juisi isipopanda joto haraka hubaki mbali na joto la mvuke, na umbali huo unausukuma joto kwa nguvu zaidi. Mtambo unajifidia wenyewe, na uchafu unajificha nyuma ya fidia hiyo. Anayetazama joto la kutokea tu huona nyuzi chache zimepungua na kusema bado kuna nafuu.

Jambo hilo huwa gumu zaidi kuonekana pale fundi wa zamu anapoongeza mvuke ili kurudisha nyuzi 104. Inawezekana: kwa U ya 900, mvuke wa nyuzi 123 utafanya hivyo. Lakini mvuke wa nyuzi 123 unahitaji shinikizo la karibu baa 2.2, wakati ule wa nyuzi 112 ulitosheka na baa 1.5. Kiwanda kilichokuwa kikitumia mvuke hafifu uliotoka kwenye vikonyezo vya juisi sasa kinachota mvuke bora uliogharimu makapi zaidi kwenye boila. Kwenye daftari la zamu joto la juisi halijabadilika hata kidogo. Uchafu umelipiwa kwingine.

Kwa hiyo kikomo cha kuosha kiwekwe kwa Rf. Tuseme wapishi wa juisi hawataki ishuke chini ya nyuzi 101, ili mchemko usikose. Kanuni ileile inatuambia kwamba kwa joto hilo la kutokea U ni 1,175, na Rf ni takriban 0.00016. Hiyo ndiyo mistari miwili ya kuchora kwenye karatasi ya grafu: Rf ya kila siku na kikomo chake. Mtambo wetu uliofika 0.00042 ulipita kikomo zamani, na kipasha cha akiba kilipaswa kuwa kimeshaingizwa kazini huku huu ukichemshwa kwa magadi makali na kusuguliwa kwa brashi.

Si kila kushuka ni uchafu

Mtambo unaweza kuonekana mchafu ilhali mirija yake ni safi. Hewa na gesi nyingine zisizogeuka maji zikijikusanya upande wa mvuke, zinaifunika mirija na U inaanguka. Maji ya mvuke yakishindwa kutoka, yanapanda na kuzamisha mirija ya chini, nayo inaacha kupashwa moto ipasavyo. Dalili ya kutofautisha ni muda. Ukoko hujijenga siku baada ya siku na mstari wake hupanda taratibu. Gesi na maji huja ghafla, ndani ya saa moja. Fungua vali ya kutolea gesi: U ikirudi ndani ya dakika chache, hukuwa na ukoko. Kwa upande mwingine, shinikizo la pampu ya juisi likipanda pamoja na Rf, ni dalili kwamba njia ndani ya mirija imekuwa nyembamba.

Angalia pia vyombo vya kupimia. Mtambo ukiwa safi tofauti ya mwishoni ni nyuzi 8 tu, kwa hiyo kipimajoto kikikosea nyuzi 1, U safi inaweza kusomeka popote kati ya 1,350 na 1,570. Rf yetu ya 0.00042 itakuwa kati ya 0.00037 na 0.00047. Hapo tumehesabu kosa la siku ya kwanza peke yake. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Chukua wastani wa saa kadhaa, na mtiririko uwe uleule, kwa sababu juisi ikipungua kasi U hushuka hata bila ukoko.

Tena, usiichukue U safi kutoka kitabuni. Mtambo uliotoka kuoshwa mara nyingi huwa chini ya hesabu ya msanifu, kwa kuwa brashi haiondoi kila kitu. Ukitumia namba ya kitabu, utaubebesha ukoko wa wiki hii mzigo wa mabaki ya misimu iliyopita, na utaosha mtambo ambao hauhitaji kuoshwa.

Kitu cha mwisho kinawahusu wenye mitambo ya aina nyingine. Rf ileile ya 0.00042, ukiiweka kwenye kipozeo cha mafuta chenye U safi ya 300, itaishusha hadi 266 tu, yaani asilimia 11. Mafuta yenyewe ndiyo kikwazo kikubwa huko, na ukoko ni nyongeza ndogo. Kwa hiyo kabla ya kupanga ratiba ya kuosha kiwanda kizima, ukokotoe U safi ya kila mtambo: wenye U kubwa kuliko yote ndio wa kuangaliwa kwanza.