Fahamu: Kwa nini Excel hupaka rangi safu isiyostahili

Picha ya skrini ya jedwali la alama inaonyesha dirisha la Conditional Formatting Rules Manager. Lengo ni kupaka nyekundu kila mwanafunzi aliyepata chini ya 50. Lakini mwenye 72 katika safu ya 2 ni mwekundu, na mwenye 38 chini yake hana rangi.

Kosa liko wapi

Kanuni inasomeka hivi:

```
=$C3<50
```

Sehemu ya Applies to inasema:

```
=$A$2:$F$40
```

Excel huisoma fomula kwa kuanzia seli ya kwanza ya eneo hilo, yaani A2, kisha huisogeza chini safu kwa safu. Hapa safu ya 2 inaulizwa kuhusu C3, ya 3 kuhusu C4, na kuendelea. Kila mwanafunzi anabeba rangi ya aliye chini yake.

Dalili nyingine iko mwishoni: safu ya 40 ni nyekundu hata kama alama ni nzuri, kwa sababu C41 ni tupu, na Excel huhesabu seli tupu kuwa sifuri. Ukiona hivyo, karibu hakika ni kosa hili.

Marekebisho

Fungua Manage Rules, bofya Edit Rule, andika:

```
=$C2<50
```

Alama ya dola mbele ya C ibaki. Ndiyo inayoifanya safu nzima itazame alama. Usiiweke mbele ya 2, la sivyo wote watapimwa kwa mwanafunzi mmoja.