Nani Ameishika Bili Siku ya Malipo?

Swali la bili katika mtihani wa utunzaji wa vitabu huwa ni aya moja ndefu. Muuzaji anamkopesha mnunuzi bidhaa, bili zinaandikwa, moja inakwenda benki, nyingine inakwenda kwa mtu wa tatu, kisha siku ya malipo mnunuzi hana kitu. Hapo mwanafunzi hutakiwa kuandika maingizo ya jarida ya shughuli zote hizo, na wengi huanza kukariri: la kukataliwa hili, la kufanya upya lile. Kukariri huko ndiko huwaangusha, maana swali likibadilishwa kidogo tu, ingizo walilolishika kichwani halitoshei tena. Anayefaulu huuliza jambo moja katika kila hatua: karatasi hii iko mkononi mwa nani sasa?

Tuanze na karatasi yenyewe. Bili ya kubadilishana ni amri ya maandishi isiyo na masharti, ambayo mtu mmoja humwandikia mwingine akimtaka alipe kiasi fulani cha fedha siku fulani. Maana hiyo imo katika sheria ya Uingereza ya 1882, na sheria za Kenya na Tanzania zimefuata mkondo huohuo. Muuzaji anaiandika na kuitia sahihi. Mnunuzi naye anaandika kwamba ameikubali, anatia sahihi yake, na kuanzia hapo deni lake si la mdomo wala la daftari la duka. Limekuwa karatasi inayoweza kutembea, na kila inapotembea, vitabu vya muuzaji hubadilika.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Tarehe 1 Machi, Muuzaji anamuuzia Mnunuzi bidhaa za shilingi 6,000,000 kwa mkopo. Siku hiyohiyo anamwandikia bili tatu za 2,000,000 kila moja, za miezi mitatu, na Mnunuzi anazikubali zote. Mauzo yameshaingia vitabuni kwa kumdebiti Mnunuzi. Sasa deni linahama kutoka jina lake kwenda kwenye karatasi:

Debiti: Bili za Kupokea 6,000,000
Krediti: Mnunuzi 6,000,000

Akaunti ya Mnunuzi imebaki sifuri. Hajalipa hata senti, ila madai ya Muuzaji sasa yanasomeka kwenye akaunti ya Bili za Kupokea.

Bili ya kwanza Muuzaji anaifungia kabatini. Hakuna ingizo jipya la kuandika, kwa kuwa karatasi haijasogea.

Bili ya pili anaipeleka benki tarehe 1 Aprili, kwani anahitaji fedha kabla ya Juni. Benki inainunua kwa punguzo la asilimia 12 kwa mwaka. Hapa ndipo kosa la kwanza la hesabu hutokea: mwanafunzi anapiga hesabu ya miezi mitatu kwa sababu bili ni ya miezi mitatu. Lakini mwezi mmoja umeshapita ikiwa kabatini. Benki itasubiri miezi miwili iliyobaki, na hiyo ndiyo inayotozwa: 2,000,000 × 12/100 × 2/12, yaani 40,000.

Debiti: Benki 1,960,000
Debiti: Punguzo la Bili 40,000
Krediti: Bili za Kupokea 2,000,000

Zile 40,000 ni gharama ya Muuzaji, bei ya kupata fedha mapema. Zishike vizuri, tutazirudia.

Bili ya tatu anampa Kiwanda anachodaiwa 2,000,000. Anaigeuza, anatia sahihi mgongoni, na kuikabidhi. Deni lake kwa Kiwanda limefutwa kwa karatasi ya mtu mwingine:

Debiti: Kiwanda 2,000,000
Krediti: Bili za Kupokea 2,000,000

Kwa hiyo ifikapo mwishoni mwa Aprili, akaunti ya Bili za Kupokea ina 2,000,000 tu, ile ya kabatini. Lakini sahihi ya Muuzaji imo kwenye bili zote tatu. Mnunuzi asipolipa, benki na Kiwanda wana haki ya kumrudia Muuzaji, mradi wamempa taarifa ya kukataliwa kwa bili kama sheria inavyotaka. Ndiyo maana, Muuzaji akifunga hesabu za mwaka kabla ya bili hizo kuiva, hutaja zile 4,000,000 kama dhima inayoweza kumwangukia.

Bili za miezi mitatu zilizoandikwa 1 Machi huiva 1 Juni. Baadhi ya sheria huongeza siku tatu za hisani. Sheria ya India ya 1881 inazo, ilhali Uingereza iliziondoa kwa sheria ya 1971. Vitabu vingi vya mazoezi bado huzitumia, basi msome mtungaji: akitaja siku za hisani, au mtaala wako ukizitaka, bili itaiva 4 Juni. Tuseme hapa ni 4 Juni. Siku hiyo Mnunuzi anashindwa kulipa bili zote tatu. Kila aliyeishika bili anampelekea mthibitishaji wa umma aandike rasmi kwamba imekataliwa, na kila moja inagharimu 10,000.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huandika ingizo moja mara tatu. Tazama jinsi karatasi inavyoongoza. Ile ya kabatini ilikuwa kwa Muuzaji mwenyewe, naye ndiye aliyemlipa mthibitishaji:

Debiti: Mnunuzi 2,010,000
Krediti: Bili za Kupokea 2,000,000
Krediti: Fedha Taslimu 10,000

Ile ya pili ilikuwa benki. Benki inakata fedha zake kwenye akaunti ya Muuzaji, pamoja na ada iliyolipa:

Debiti: Mnunuzi 2,010,000
Krediti: Benki 2,010,000

Ya tatu ilikuwa kwa Kiwanda, ambacho sasa kinamdai Muuzaji upya:

Debiti: Mnunuzi 2,010,000
Krediti: Kiwanda 2,010,000

Upande wa debiti haukubadilika hata mara moja. Aliyekubali bili na akashindwa kulipa ni Mnunuzi, hivyo deni linarudi kwake, na ada ya mthibitishaji inamfuata kwa sababu yeye ndiye chanzo. Kilichobadilika ni krediti peke yake, na kila mara kimemtaja aliyekuwa ameishika bili. Anayekrediti Bili za Kupokea katika ingizo la pili au la tatu anaitoa karatasi ambayo ilishatoka Aprili. Dalili yake ni rahisi kuiona: akaunti ya Bili za Kupokea itaishia na salio la krediti, jambo lisilowezekana, kwani huwezi kutoa bili usizokuwa nazo.

Sasa turudi kwenye zile 40,000. Mwanafunzi hujiuliza kama Mnunuzi naye adaiwe punguzo la benki, au kama adebitiwe 1,960,000 kwa kuwa ndizo fedha Muuzaji alizopokea. Jibu ni hapana kwa yote mawili. Mnunuzi aliahidi 2,000,000, na kwenda benki mapema ulikuwa uamuzi wa Muuzaji. Punguzo linabaki kuwa gharama yake, bili ilipwe isilipwe.

Mnunuzi sasa anadaiwa 6,030,000. Anamwendea Muuzaji na kuomba muda: atalipa 1,030,000 taslimu, na zilizobaki aandikiwe bili mpya ya miezi mitatu, pamoja na riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Muuzaji anakubali. Riba inahesabiwa kwa deni linaloachwa, si kwa deni lote: 5,000,000 × 12/100 × 3/12, sawa na 150,000.

Debiti: Mnunuzi 150,000
Krediti: Riba Iliyopatikana 150,000

Debiti: Fedha Taslimu 1,030,000
Krediti: Mnunuzi 1,030,000

Debiti: Bili za Kupokea 5,150,000
Krediti: Mnunuzi 5,150,000

Swali likisema riba imelipwa taslimu, ingizo la riba libaki vilevile, ila fedha ziongezeke hadi 1,180,000 na bili mpya iwe ya 5,000,000.

Mara nyingine swali halitaji kukataliwa. Linasema tu kwamba kabla ya siku kufika, Mnunuzi aliomba bili ifanywe upya. Wanafunzi wengi hukimbilia bili mpya na kuisahau ya zamani, hivyo deni moja likasimama mara mbili vitabuni. Bili ya zamani lazima ifutwe kwanza, kwa ingizo lilelile la kukataliwa isipokuwa ada ya mthibitishaji. Na kama ilikuwa imeshauzwa benki au kupewa Kiwanda, Muuzaji hana karatasi ya kufuta mpaka aikomboe kutoka kwa aliyeishika. Ndiyo maana hata hapo krediti inakwenda Benki au kwa Kiwanda.

Mtungaji akitaka vitabu vya Mnunuzi, kazi inakuwa nyepesi. Safari za bili kwenda benki na kiwandani hazimhusu, wala hazina ingizo kwake. Kwake kuna ahadi tatu tu alizozitoa. Alipozikubali, alimdebiti Muuzaji 6,000,000 na kukrediti Bili za Kulipa. Zilipokataliwa:

Debiti: Bili za Kulipa 6,000,000
Debiti: Ada ya Mthibitishaji 30,000
Krediti: Muuzaji 6,030,000

Wakati wa kufanya upya, riba ya 150,000 kwake ni gharama na inamkrediti Muuzaji. Kisha Muuzaji anadebitiwa 1,030,000 dhidi ya taslimu, na 5,150,000 dhidi ya Bili za Kulipa. Anayeandika hapa ingizo la Benki kwa sababu bili moja iliuzwa benki ameingia katika vitabu vya mtu mwingine.

Kabla ya kukabidhi karatasi ya majibu, chukua dakika mbili kuchora akaunti ya Mnunuzi katika leja ya Muuzaji, pembeni. Debiti: mauzo 6,000,000, bili zilizokataliwa 6,030,000, riba 150,000, jumla 12,180,000. Krediti: bili za kwanza 6,000,000, taslimu 1,030,000, bili mpya 5,150,000, jumla 12,180,000. Ikikataa kulingana, tazama kwanza tofauti ni kiasi gani. Ikiwa ni 10,000 au 30,000, ada ya mthibitishaji imesahauliwa mahali. Ikiwa 40,000, umemwingizia Mnunuzi punguzo la benki au umempunguzia deni. Ikiwa 150,000, umeandika riba upande mmoja tu. Ikiwa 2,000,000 au zaidi, kuna bili iliyokataliwa ambayo hukuirudisha kwenye jina lake. Na kama akaunti yake imelingana lakini Bili za Kupokea hazisomi 5,150,000, rudi kwenye krediti za 4 Juni: kuna bili uliyoitoa mkononi mwa mtu ambaye hakuwa nayo.