Alama Ndogo ya Chang'ombe

"Mjomba, hiki kijimkia kilichokaa juu, katikati ya Chang'ombe, ni cha nini?"

Mpwa wangu aliniuliza hivyo tukiwa Temeke, mbele ya kibao cha duka. Ahsante mwanangu, umeuliza vizuri! Watu wazima wangapi hupita hapo kila siku wasiulize?

Kinaitwa ritifaa. Neno ng'ombe nalo huandikwa nacho kila mara. Hebu tumsikilize ritifaa mwenyewe.

"Mimi si herufi. Sina sauti yangu. Kazi yangu ni moja tu: namwambia g anyamaze."

Anamnyamazishaje? Kichwa chako, mwanangu, ni nyumba yenye milango miwili: kinywa na pua. Sema ng'ombe. Nyuma ya ulimi hupanda, mlango wa kinywa hufungwa, sauti yote hupitia puani. Kisha ulimi hushuka polepole, ukaingia kwenye o. Sasa sema ngoma. Sauti huanzia puani vilevile. Lakini kabla ya o, mlango wa pua nao hufungwa. Pumzi hubanwa kidogo, halafu husukuma mlango wa kinywa, na g hutoka kwa kishindo.

"Nitajuaje kama nimetamka sawa?"

Vuta mwanzo wa ng'ombe: ng'ng'ng'. Unavutika mpaka pumzi iishe. Sasa vuta tena, kisha bana pua. Umeona? Kimya! Ukifika kwenye g ya ngoma, huwezi kuivuta hivyo. Inagonga mara moja, imekwisha.

"Na nikiandika bila alama, kuna ubaya gani?"

Ng'oa ni kutoa kitu kilichoshika, kama jino au mche wa muhogo. Ngoa, bila alama, ni neno la zamani la pwani, maana yake uchu au wivu. Jirani akikuandikia kwenye simu "njoo tungoe muhogo," utaelewa kwa sababu ya muhogo, si kwa sababu ya alivyoandika. Na mgeni akikuta "Changombe" kwenye kibao ataisoma kwa g, kama anavyosoma Vingunguti. Vingunguti hawahitaji ritifaa. Chang'ombe wanaihitaji.

"Je, nitue kidogo nikifika kwenye alama?"

Hapana, mwanangu. Usitue. Ng'o-mbe, silabi mbili tu, zinafuatana. Hata ukifika mwisho wa mstari, usiikate ng' ukaiacha ombe upande wa pili.

Ritifaa ana neno jingine: "Wengine huniweka baada ya n, wakaandika n'gombe. Wengine hunipeleka baada ya o, ngo'mbe. Mimi nakaa mgongoni mwa g, maana ndiye ninayemnyamazisha."

Haya, chukua daftari uandike ng'ang'ania. G ziko ngapi hapo? Mbili. Basi na ritifaa ziwe mbili.